Fedora, baketi, bereti na kepu bapa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninashona na kurekebisha kofia Kampala, na maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa karibu kila wiki: na wanaonunua mivumba, yaani mitumba, katika soko la Owino, na mafundi wenzangu wa cherehani, na wazee wanaoniletea kofia zilizoharibika. Nimeyapanga kuanzia ya msingi. Pale jibu linapogusa jambo nililolieleza kwingine, nimetaja namba ya swali ili nisilirudie.

## Misingi

1. Ukingo ni nini, na kichwa cha kofia ni nini?

Kichwa cha kofia ni ile sehemu inayofunika fuvu, kuanzia paji la uso hadi utosini. Ukingo ni ile inayotoka nje ya kichwa hicho na kutia kivuli. Ukingo ukizunguka kofia nzima tunauita ukingo. Ukiwa mbele tu, mimi huuita ulimi, kwa sababu ndivyo unavyotokeza. Ndani, pale kofia inapokutana na ngozi, kuna utepe wa ngozi au wa kitambaa unaonyonya jasho. Utepe huo ni mwembamba na hauonekani, lakini ndio unaoamua kama kofia itakukaa vizuri au la, na utauona ukirudi tena na tena katika majibu haya.

2. Kofia hizi nne zinatofautiana vipi?

Fedora ina ukingo unaozunguka kichwa chote, na kichwa chake kina bonde katikati na mibinyo miwili mbele. Kwa asili ni ya felti. Baketi nayo ina ukingo unaozunguka, lakini ukingo wake unateremka, kichwa chake hakina bonde wala mbinyo, na imeshonwa kwa kitambaa laini. Bereti haina ukingo kabisa, ni duara la sufu linalolala upande mmoja. Kepu bapa ina ulimi mfupi mgumu mbele, na kitambaa cha kichwa kimevutwa mbele kikaulalia.

Huo ndio mwonekano. Ila mwonekano hudanganya, kwa hiyo ninapoishika kofia huwa najiuliza swali moja kwanza: umbo hili linashikiliwa na nini? Fedora hushikiliwa na felti yenyewe, iliyolainishwa kwa mvuke ikakandamizwa juu ya kalibu ya mbao. Baketi hushikiliwa na jinsi vipande vyake vilivyokatwa. Bereti hushikiliwa na sufu iliyofumwa kisha ikafinywa hadi ikashikana. Kepu bapa hushikiliwa na kipande kigumu kilichofichwa ndani ya ulimi. Ukishajua linaloshikilia umbo, utajua kofia itaharibikia wapi, utaifuaje, na kama inaweza kurekebishwa.

## Fedora

3. Ni nini kinachoifanya kofia iwe fedora?

Tazama mambo mawili. Ukingo uwe na upana wa kama sentimita 5 hadi 7.5, na uweze kupinda: mwenye kofia anaushusha mbele au kuuinua nyuma kwa mkono tu. Kichwa kiwe na bonde linalotoka mbele kwenda nyuma, na mibinyo miwili mbele, kushoto na kulia, pale vidole vinapoishika. Utepe unaozunguka chini ya kichwa ni wa kawaida, lakini si alama ya kutegemea. Baketi nyingi za siku hizi zimewekewa utepe na bado ni baketi.

Jina lilitokana na mchezo wa jukwaani wa Ufaransa wa mwaka 1882, ambao mhusika wake mkuu, mwanamke wa tabaka la juu, aliitwa Fédora. Aliyemwigiza alikuwa Sarah Bernhardt. Hivyo kofia inayohesabiwa leo kuwa ya wazee wa kiume ilipata jina lake kwa mwanamke, na mama anayeniuliza kama anaruhusiwa kuivaa namjibu hivyo.

4. Yangu ina ukingo mwembamba sana. Bado ni fedora?

Hapana, hiyo ni trilbi. Ukingo wake ni wa sentimita 4 au pungufu, umeinuliwa nyuma na kushuka kidogo mbele, na kichwa chake ni kifupi zaidi. Kofia nyingi zinazouzwa mijini kwa jina la fedora, hasa zile za vijana wa harusini, ni trilbi. Si kosa kuivaa. Kosa ni kuitegemea kwa jua, kwa sababu ukingo wa sentimita 4 haufikishi kivuli mashavuni.

Upande wa pili, ukingo ukizidi sana upana wa fedora tunaingia kwenye pama. Watu huniuliza kuhusu kofia pana anayoonekana nayo Rais Museveni kila mara. Kwa kipimo cha ukingo, hiyo iko katika jamii ya pama, si ya fedora wala ya baketi.

5. Felti ni kitambaa gani?

Felti haifumwi wala haishonwi. Ni nyuzi za sufu ya kondoo, au manyoya ya sungura au ya biva, zilizochanganywa kwa maji moto, mvuke na shinikizo mpaka zikashikana. Kila unyoya una magamba madogo, na magamba hayo hung'ang'aniana yakisuguliwa penye joto na unyevu. Ndiyo maana felti haina uzi wa kuchomoka, na unaweza kuikata kwa mkasi bila kukunja pindo.

Ubora wa felti unategemea manyoya. Ya sungura ni nyepesi, laini, na huvumilia maji. Ya sufu ni nzito kidogo, bei yake ni nafuu, na ikilowa hutaka kusinyaa. Fedora nyingi zinazofika katika marobota ya mivumba ni za sufu, kwa hiyo chukulia yako ni ya sufu mpaka uthibitishe vinginevyo (tazama swali la 16).

6. Mvua ilininyeshea, sasa fedora yangu inabana na ukingo umelegea. Nifanyeje?

Mambo mawili tofauti yametokea kwa pamoja. Ukingo umelegea kwa sababu felti hukazwa kwa gundi, na maji yameilainisha. Kofia inabana kwa sababu utepe wa ngozi wa ndani umesinyaa wakati wa kukauka, ukaivuta felti nao. Watu wengi hulaumu mvua. Ninavyoona mimi, madhara makubwa hutokea baada ya mvua, pale mtu anapoiweka kofia karibu na sigiri ili ikauke upesi.

Nieleze moja niliyoishika mwenyewe. Mzee mmoja aliniletea fedora ya kahawia ya sufu, saizi 58, iliyolowa njiani akitoka Mukono kwa boda boda. Nyumbani waliitundika juu ya sigiri usiku kucha. Ilipofika kwangu ilikuwa na mzingo wa sentimita 56, utepe wa ngozi ukiwa mgumu kama gome, na ukingo wa mbele umejikunja juu.

Nilianza na utepe. Niliugeuza nje na kuupaka maji ya vuguvugu kidogo kwa kitambaa, kisha nikauacha nusu saa ulegee. Pasipo hatua hiyo kila nguvu inakwenda bure, maana felti itakubali na ngozi itakataa. Kisha nikachemsha birika, nikaishika kofia umbali wa kiganja kimoja hivi kutoka kwenye mdomo wake, nikaizungusha polepole mpaka nikahisi felti inalainika vidoleni. Nikaivalisha kalibu yangu ya kutanua, nikafungua skrubu kidogo tu, nikaiacha usiku mmoja. Siku ya pili nikaipa mvuke tena na kuongeza kidogo. Siku ya tatu ilikuwa 57.5, nikasimama hapo. Ningelazimisha ile nusu iliyobaki, mshono wa utepe ungekatika. Ukingo niliupa mvuke, nikaulaza juu ya meza na kuupiga pasi ya moto wa kati huku kitambaa chenye unyevu kikiwa katikati, kisha nikaupulizia gundi ya kukazia felti upande wa chini.

Ukiwa nyumbani na kofia imelowa sasa hivi, fanya hivi: ikung'ute, geuza utepe wa ndani utoke nje, rudisha bonde na mibinyo kwa vidole, na uilaze kichwa chini ukingo juu, kivulini, mbali na moto. Ukiilaza kwa ukingo, uzito wa maji utaubapisha. Ipe siku nzima, hata mbili kama hewa ina unyevu.

## Baketi

7. Baketi inatofautianaje na kofia ya jeshi ya msituni?

Zote zimeshonwa kwa vipande vitatu: kipande cha juu, mkanda wa pembeni, na ukingo. Ya msituni ina ukingo mpana zaidi na ulio karibu na kulala sawa, ina utepe wenye vitanzi kuzunguka kichwa kwa ajili ya kuchomeka majani, na ina kamba ya kidevuni. Baketi ina ukingo mfupi unaoteremka, na mara nyingi matundu mawili ya kupitisha hewa kila upande. Ile ya msituni ikiwa na rangi za mabaka ya kijeshi, usiivae Uganda. Sababu iko katika swali la 12.

8. Nimeshona baketi lakini ukingo umesimama kama sahani. Nimekosea wapi?

Umekata ukingo kama pete kamili. Hili ndilo kosa la karibu kila fundi anayeshona baketi mara ya kwanza, na nadhani ni swali zuri kuliko yote hapa, kwa sababu linaonyesha hasa kinachoitenga baketi na fedora.

Pete kamili ya kitambaa, ukiishona kwenye kichwa cha kofia, italala sawa, kama ukingo wa fedora. Fedora inaweza kufanya hivyo kwa sababu felti ni ngumu. Kitambaa cha pamba hakina ugumu huo, kwa hiyo pete hiyo inasimama siku ya kwanza na kupigapiga kama sikio la ndovu siku ya pili. Ukingo wa baketi unatakiwa uwe kipande cha koni. Unaupata kwa kuchora duara kubwa kuliko unalohitaji, kisha kuondoa kabari.

Tuchukue kichwa cha sentimita 58. Ongeza 1 ya nafasi, mdomo wa kofia uwe 59. Kipande cha juu nakikata duara la kipenyo cha 17.5, ambalo mzingo wake ni 55. Mkanda wa pembeni una kimo cha 9, juu ni 55 na chini ni 59, kwa hiyo nao umepinda kidogo. Sasa ukingo. Pete kamili yenye mzingo wa ndani wa 59 ingekuwa na nusu kipenyo cha 9.4. Usiichore hiyo. Chora duara la nusu kipenyo cha 13, ambalo mzingo wake mzima ni karibu 82. Wewe unahitaji 59 tu kati ya hizo, yaani nyuzi 260 kati ya 360. Kata zile nyuzi 100 zilizobaki uzitupe. Ukitaka ukingo wa sentimita 6, chora duara la nje la nusu kipenyo cha 19. Unganisha ncha mbili nyuma, na ukingo utateremka wenyewe kwa pembe ya karibu nyuzi 45.

Vipimo vyote hivyo havina nafasi ya mshono, kwa hiyo ongeza 1 kila upande. Ukingo ukate mara mbili, juu na chini, na katikati yake uweke kitambaa kigumu kinachobandikwa kwa pasi. Baada ya hapo pitisha mishono ya mzunguko kutoka ndani kwenda nje, kila baada ya nusu sentimita. Wengi huidhani mishono ile ni pambo. Ndiyo inayougeuza ukingo wa matabaka kuwa kitu kimoja kinachobaki na umbo baada ya kufuliwa.

Ukitaka ukingo uteremke zaidi, ongeza nusu kipenyo cha ndani kutoka 13 kwenda 15, na bado chukua 59 tu ya mzingo. Ukitaka ulale zaidi, punguza kuelekea 9.4. Hapo katikati utapata kila baketi uliyowahi kuiona.

9. Kitambaa kipi kinafaa baketi?

Kadeti ya pamba, jinzi nyepesi, au kitani. Kadeti ndiyo ninayoipenda, inafuliwa na kupigwa pasi bila matata. Poliesta nyepesi inang'aa na kukauka upesi, lakini kwa jua la hapa kichwa kinachemka ndani. Kitambaa chochote unachokiona taa kupitia kwake, kiwekee bitana.

10. Mtoto wangu ana ualbino. Kati ya hizi nne, nimnunulie ipi?

Baketi, na uupime ukingo kabla ya kulipa. Uganda inapitiwa na ikweta, pale Kayabwe kwenye barabara ya Masaka, na jua la saa sita linakuwa karibu utosini mwaka mzima. Saa hizo ukingo wowote unasaidia. Tatizo ni saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, mtoto anapokwenda na kutoka shule. Jua linaingia kwa pembe, na hapo ukingo unaoteremka wa baketi unafunika masikio na shingo kuliko ukingo uliolala wa upana uleule. Baraza la Saratani la Australia, nchi yenye uzoefu mrefu wa saratani ya ngozi, linataka ukingo wa baketi uwe sentimita 6 au zaidi kwa mtu mzima, na kichwa cha kofia kiwe cha kina. Kwa mtoto mwenye ualbino mimi nashona hizo 6 kamili hata akiwa mdogo.

Bereti haimkingi chochote usoni. Kepu bapa na kapelo hufunika paji la uso na kuacha masikio wazi, na masikio ni mojawapo ya sehemu zinazoungua kwanza. Fedora ya felti ingemkinga kiasi, ila ni ya joto na mtoto hataivaa. Chagua kadeti ya rangi iliyokolea iliyofumwa karibu karibu, na weka kamba ya kidevuni isianguke akikimbia. Kofia haichukui nafasi ya mafuta ya kujikinga na jua wala ya mikono mirefu.

## Bereti

11. Nitaitambuaje bereti iliyofumwa na ile iliyoshonwa?

Pitisha kidole kwenye mzunguko wa nje. Bereti ya asili, ile ya Wabaski na watu wa Béarn kusini-magharibi mwa Ufaransa, hufumwa kwa sufu kama kipande kimoja, ikafinywa ndani ya maji moto na sabuni mpaka nyuzi zikashikana. Haina mshono pembeni. Juu katikati kuna kikia kidogo, pale ufumaji ulipofungwa. Usikikate, ukidhani ni uzi uliosahaulika. Ya kushonwa ni maduara mawili ya kitambaa au ya felti ya poliesta yaliyounganishwa pembeni, na mshono utausikia mara moja. Hiyo haitakubali kulala vizuri upande mmoja, hata ukiilowesha mara kumi.

Ya sufu inafundishika. Iloweshe kwa maji ya vuguvugu, ikamue bila kuisokota, ivae mbele ya kioo. Mdomo uwe mnyoofu, kama vidole viwili juu ya nyusi, kisha vuta sufu iliyozidi ishuke upande wa kulia kuelekea sikio. Iache ikauke kichwani au juu ya bakuli la ukubwa huo. Ikisimama kama uyoga maana yake ni kubwa mno kwako, au hukuivuta ikiwa na unyevu.

12. Je, raia anaruhusiwa kuvaa bereti Uganda?

Hapa naomba usome kwa makini. Mnamo Septemba 2019 ilichapishwa katika gazeti rasmi la serikali kwamba bereti nyekundu, pamoja na mavazi mengine ya jeshi la UPDF, ni mali ya jeshi, na raia anayeivaa au kuiuza anaweza kushtakiwa. Wakati huo bereti nyekundu ilikuwa tayari alama ya wafuasi wa Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine. Ndani ya UPDF bereti nyekundu huvaliwa na polisi wa jeshi.

Bereti kama umbo haikupigwa marufuku. Kinachokuingiza matatani ni rangi na alama. Mimi siuzi wala sirekebishi bereti nyekundu, na nakataa pia rangi ninazoziona vichwani mwa askari, iwe nyeusi au kijani cha jeshi, na bereti yoyote yenye tundu la beji. Kijivu, kahawia, maziwa au buluu hafifu, isiyo na beji, yenye kikia chake juu, ndiyo ninayompa mteja. Robota la mivumba likija na bereti za jeshi la nchi nyingine, bado ni za jeshi machoni pa askari wa barabarani.

## Kepu bapa

13. Kepu bapa na ile ya vipande vinane si kitu kimoja?

Ni ndugu. Kepu bapa ina kipande kimoja kikubwa cha juu na viwili vya pembeni, na kitambaa kimevutwa mbele kikashonewa au kubanwa kwa kifungo juu ya ulimi, kwa hiyo ukiitazama kwa ubavu inateremka kama kabari. Ile ya vipande vinane ina pembetatu nane zinazokutana juu chini ya kifungo kilichofunikwa kitambaa, na kichwa chake kimejaa na kuvimba. Kapelo ina ulimi mrefu unaotokeza mbele, na kichwa chake hakiugusi kamwe kwa juu.

Kitambaa cha asili ni twidi, sufu nzito inayokwaruza. Inafaa Kabale asubuhi yenye ukungu. Kwa Kampala, au kwa Arua na Gulu kwenye joto, tafuta ya kitani au ya pamba yenye umbo hilohilo.

14. Nimefua kepu bapa, ulimi umejipinda na haunyooki. Kuna dawa?

Inategemea kilichomo ndani. Bonyeza ulimi kwa vidole gumba viwili. Ukirudi wenyewe kama chemchemi, ndani ni plastiki: chovya ulimi tu kwenye maji ya moto dakika moja au mbili, uukunje juu ya chupa ya mviringo, ufunge kwa kitambaa mpaka upoe. Ukibaki ulivyoubonyeza, au ukasikia kitu kinakwaruza, ndani ni kadibodi na imeshakufa. Fumua mshono wa chini kati ya ulimi na utepe wa jasho, itoe, chora umbo lake juu ya plastiki ya pembeni mwa jerikeni, ikate, lainisha kingo zake kwa msasa, uirudishe na kushona kwa mkono. Kazi ya saa moja, na kepu itaishi tena miaka. Kepu za zamani za mivumba nyingi ni za kadibodi. Usizizamishe majini, zifute kwa kitambaa chenye unyevu.

## Saizi, ununuzi na kofia zisizo na jina

15. Ndani imeandikwa 7 1/8. Hiyo ni sentimita ngapi?

Kwa kipimo cha Marekani ni 57. Kwa kipimo cha Uingereza, 57 huandikwa 7, na 7 1/8 huwa 58. Mivumba inatoka nchi zote mbili, kwa hiyo namba hiyo peke yake haitoshi. Tembea na tepu: pima mzingo wa ndani wa kofia juu ya utepe wa jasho, na kichwa chako kwa kupitisha tepu juu kidogo ya masikio na katikati ya paji la uso. Fedora na kepu bapa zilingane na kichwa. Baketi iwe na sentimita 1 zaidi. Bereti ya sufu huvumilia tofauti ya 1 kila upande.

16. Muuzaji anasema ni sufu. Nitathibitishaje?

Mwombe unyofoe uzi au unyoya mmoja kutoka ndani, chini ya utepe, uuchome mbali na kofia. Sufu na manyoya hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika. Poliesta huyeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Ikitoa vyote viwili, ni mchanganyiko. Muuzaji akikataa, sugua ukingo kwa kiganja na uunuse baada ya kuulowesha kwa tone la maji: sufu yenye unyevu ina harufu ya mnyama ambayo poliesta haina.

17. Nina kofia yenye bonde na mibinyo ya fedora, lakini imeshonwa kwa pamba na ukingo una mishono ya mzunguko. Ni ipi?

Hizi ni nyingi sokoni na kila mtu anaziita fedora. Rudi kwenye swali la 2: umbo linashikiliwa na nini? Ukiona bonde limeshonwa au limebandikwa gundi, na ukingo unasimama kwa mishono na kitambaa kigumu cha kati, basi iite fedora kwa sura ukipenda, lakini itunze kama baketi. Usiipe mvuke kama ya swali la 6, maana gundi ya ndani itaachia na kitambaa kitafanya malengelenge. Ifue kwa mkono kwa maji baridi, jaza taulo ndani, uiache ikauke kivulini. Malengelenge yakishatokea, pasi ya moto wa kati juu ya kitambaa kikavu huweza kuyabandika tena mara moja. Mara ya pili sijawahi kufaulu.